Msituuzie Deni kwa Jina la Uwekezaji

"Bei tutakubaliana baadaye." Maneno haya matatu yamekuwa wimbo wa kila anayefika Tororo na Busia na kompyuta begani na ahadi ya dola mdomoni. Vijana wetu wanayapenda kwa sababu yanasikika ya kiungwana: hakuna kuvutana juu ya bei, hakuna mthamini wa kulipwa, kalamu inashikwa leo na fedha zinaingia benki wiki hiyo hiyo. Mimi nasema ni uongo. Bei imekubaliwa pale pale saini inapotiwa, ila imefichwa ndani ya mkataba na kupewa jina la kikomo cha thamani ili isitambulike. Na nyuma ya uongo huo uko mwingine mkubwa zaidi, kwamba fedha hizo ni uwekezaji. Si uwekezaji. Ni deni lenye riba na tarehe ya kuiva, na tarehe ikifika linadaiwa.

Nazungumzia hati geuzi. Mwenye fedha anaikopesha kampuni changa. Anaahidiwa kwamba siku mwekezaji mkubwa atakapokuja kununua hisa kwa bei rasmi, ule mkopo pamoja na riba yake utageuka kuwa hisa badala ya kurudishwa taslimu. Kwa kuwa alitangulia kubeba hatari, anapewa hisa hizo kwa nafuu, na nafuu yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza ni punguzo, mara nyingi asilimia 20 chini ya bei atakayolipa mgeni. Ya pili ni kikomo: hata mgeni akiithamini kampuni kwa mamilioni, mkopeshaji wa kwanza anahesabiwa kana kwamba thamani haikuvuka kiwango kilichoandikwa. Kati ya hizo mbili anachukua ile inayompa hisa nyingi zaidi. Katika mkataba wote hakuna mahali ambapo mwanzilishi naye anapewa nafasi ya kuchagua.

Sasa tuilete hati hiyo Mulanda, huku Upadhola, wilaya ya Tororo. Jua likiwaka, mihogo iliyomenywa inaanikwa juu ya maturubai kando ya barabara. Wachuuzi wanapita na mizani ya kuning'iniza, magunia yanapakiwa kwenye lori hadi Busia, na ng'ambo ya pili yanalipwa kwa shilingi za Kenya. Tuseme vijana wawili wameamua kuipanga biashara hii. Wamekodi ghala, wanampa mkulima bei ya siku kwa ujumbe wa simu, na wanamlipa kwa simu mzigo ukishapimwa. Wamesajili kampuni yenye hisa 1,000,000, nusu kwa nusu.

Januari 2022 wanapata mwenye fedha. Anawapa dola 60,000 kwa hati geuzi ya miezi 24, riba asilimia 8 kwa mwaka bila riba juu ya riba, punguzo asilimia 20, na kikomo cha dola 400,000, thamani ya kampuni kabla ya fedha mpya kuingia. Mfano huu nimeuunda mwenyewe, lakini masharti yake ni ya kawaida kabisa sokoni. Nimeyachagua makusudi, ili mtu asije akasema nimemtafuta mkopeshaji katili.

Tukae na hesabu, kwa maana hapa ndipo uongo unapoumbuka. Gawanya dola 400,000 kwa hisa 1,000,000, unapata senti 40 za dola kwa kila hisa. Hiyo ndiyo bei. Hakuna haja ya kusubiri mtu yeyote kutoka Nairobi au Kampala aje kuitangaza. Imo ndani ya hati tangu siku ya kwanza. Kama vijana wetu wangemwambia mwenye fedha, "Nunua hisa leo kwa senti 40," angepata hisa 150,000 kwa dola zake 60,000, kidogo zaidi ya asilimia 13 ya kampuni, na habari ingeishia hapo. Pasingekuwa na riba, pasingekuwa na tarehe, pasingekuwa na deni.

Lakini amepewa hati geuzi. Baada ya miezi 24, riba imefika dola 9,600 na deni lote ni dola 69,600. Tuseme mambo yamewanyookea. Amekuja mgeni anayeithamini kampuni kwa dola 1,000,000, yaani dola moja kwa hisa. Punguzo lingempa mkopeshaji bei ya senti 80. Kikomo kinampa senti 40. Bila shaka anachukua senti 40. Gawanya 69,600 kwa 0.40, unapata hisa 174,000. Ile riba ya dola 9,600 peke yake imemletea hisa 24,000 zenye thamani ya dola 24,000 siku hiyo. Vijana wamefanya kazi miaka miwili kuipandisha kampuni, na jasho lao lenyewe limeizalisha riba ya mwenzao.

Tuseme sasa mambo yamekwenda mrama. Mgeni amekuja, lakini anaithamini kampuni kwa dola 300,000 tu, senti 30 kwa hisa. Je, mkopeshaji atabaki na senti 40 zake, abebe hasara pamoja na wenzake? Thubutu. Sasa anakiacha kikomo na kushika punguzo: asilimia 20 chini ya senti 30 ni senti 24. Gawanya 69,600 kwa 0.24, unapata hisa 290,000. Mambo yakiwa mazuri anachukua 174,000. Yakiwa mabaya anachukua 290,000. Miezi 24 ikishatimia, hakuna thamani ya kampuni, ya juu wala ya chini, inayoweza kumpa hisa pungufu ya 174,000, wakati mtu aliyenunua waziwazi kwa bei ile ile angeridhika na 150,000.

Huu ndio mchezo ambao wakulima wetu wanaujua tangu zamani. Mchuuzi anakuja wakati wa njaa, shamba likiwa bado changa, anamnunulia mama mihogo ikiwa ardhini kwa bei ya shida. Mavuno yakiwa mema, faida ni ya mchuuzi. Tofauti ni kwamba yule mchuuzi, mavuno yakiharibika, anakula hasara yake. Mwenye hati geuzi hataki hata hiyo. Anataka mihogo ikistawi, na isipostawi anataka shamba.

Watetezi wa hati hizi wana hoja moja nzito, nami siibezi. Wanasema kampuni ya vijana wawili yenye ghala la kukodi haiwezi kuthaminiwa kwa haki. Haina hesabu za miaka mitatu, haina mali, haina kampuni nyingine ya kulinganishwa nayo pale Mulanda. Kubishania bei kutaleta mawakili, na ada za mawakili zitakula sehemu kubwa ya dola 60,000. Afadhali kuahirisha, aje mwekezaji mkubwa mwenye wataalamu wake aiseme. Hoja hii ingesimama kama hati isingekuwa na kikomo. Hati isiyo na kikomo inaahirisha bei kweli. Ukishaandika kikomo umeithamini kampuni. Ulichoahirisha ni kumjulisha mwenye kampuni.

Wala msidhani nasema jambo geni. Januari 2011, Yuri Milner na wenzake wa SV Angel walitangaza kwamba kila kampuni inayopita kwenye mafunzo ya Y Combinator kule Kalifornia itapewa dola 150,000 kwa hati geuzi isiyo na kikomo wala punguzo. Huko ndiko hati hizi zilikopata umaarufu. Mwaka 2013 Y Combinator wenyewe wakaona hata hiyo haitoshi. Wakatengeneza mkataba mwingine unaoitwa SAFE, wakaondoa riba, wakaondoa na tarehe ya kuiva, kwa sababu walitambua kwamba mwanzilishi wa kampuni changa hapaswi kuishi kama mdaiwa. Waliokuwa na fedha nyingi duniani walilegeza kamba. Sisi wenye fedha chache tunaletewa kamba ile ya zamani, imekazwa, na tunaambiwa ndiyo desturi ya kimataifa.

Jambo lenyewe linaloniudhi zaidi liko kwenye hiyo tarehe ya kuiva. Hati geuzi imejengwa juu ya imani moja: kwamba mwekezaji mkubwa atakuja, na atakuja kabla ya miezi 24 kwisha. Palo Alto imani hiyo ina msingi, maana wawekezaji wamejaa mtaani. Mulanda haina msingi wowote. Vijana wetu walioshika kalamu Januari 2022 walishika wakati fedha zilikuwa zinamiminika Afrika. Ndani ya miezi michache Marekani ikaanza kupandisha riba, fedha za hatari zikarudi makwao, na kufikia 2023 milango ilikuwa imefungwa hata kwa wakubwa. Sendy, kampuni ya usafirishaji ya Nairobi, ilifunga shughuli zake mwaka huo. Twiga Foods, iliyoanzishwa 2014 na iliyowahi kupata fedha za Goldman Sachs, mwishoni mwa 2023 iliripotiwa kupata dola milioni 35 kwa hatifungani geuzi kutoka kwa wanahisa wake wenyewe, Creadev na Juven. Mei 2024 Copia nayo ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Ikiwa Nairobi kulikuwa hivyo, huyo mgeni wa kuja Mulanda angetoka wapi?

Na sisi tuna hatari ambayo watungaji wa hati hizi hawajawahi kuiota. Tuna mpaka. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Marufuku ililegezwa baada ya siku chache na kuwekewa masharti, lakini mwenye mzigo ndani ya lori anajua siku chache zina maana gani. Mapema mwaka huo huo kuku na mayai ya Uganda nayo yalikuwa yamezuiwa. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, kimepunguza kuhangaika, lakini barua moja kutoka Nairobi bado inaweza kulisimamisha soko lote. Biashara ya namna hii inaweza kuwa nzuri kwa miaka kumi na ikawa na miezi sita mibaya katikati. Hati ya miezi 24 haijui hilo. Ikiiva ndani ya ile miezi sita, kampuni nzuri inakufa ikiwa hai.

Basi tuifikishe Januari 2024. Mgeni hajaja. Deni ni dola 69,600. Vijana wanauza Busia ya Kenya, kwa hiyo wanapokea shilingi za Kenya. Walipokopa, dola moja ilikuwa karibu shilingi 113, kwa hiyo walipokea kama shilingi milioni 6.8. Siku ya kuiva dola imefika karibu 160. Deni limekuwa shilingi milioni 11.1. Riba kwenye karatasi ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa shilingi, deni limepanda kwa zaidi ya asilimia 60 ndani ya miaka miwili. Miezi michache baadaye shilingi ilipata nguvu, dola ikarudi karibu 130, lakini hati haikuiva miezi michache baadaye. Iliiva Januari. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Na shilingi hizo milioni 11 ziko wapi? Hazipo. Zilinunua mihogo, zikalipa kodi ya ghala, zikalipa mishahara. Ndivyo fedha za kuanzishia kampuni zinavyopaswa kutumika. Hakuna aliyewahi kutarajia zirudi taslimu, na mkopeshaji mwenyewe analijua hilo. Lakini sasa ana karatasi inayosema zinadaiwa, na karatasi hiyo ni fimbo. Mara nyingi haendi mahakamani. Anakaa nao mezani kwa sauti ya upole na kusema yuko tayari kuongeza miezi 12, ila kikomo kishuke hadi dola 200,000. Sasa bei ni senti 20 kwa hisa, na zile hisa 174,000 zimekuwa 348,000 kabla hata ya riba ya mwaka mpya. Vijana wanatia saini, kwa sababu anayedaiwa hana mdomo.

Wako wanaokwenda mbali zaidi ya hapo, na hawa nataka niwaseme bila kupepesa macho. Kuna hati zinazoletwa huku zikiwa na ukurasa wa nyongeza wa dhamana binafsi. Mwanzilishi anaweka ardhi dhamana kwamba kampuni isipolipa atalipa yeye. Niliwahi kuonyeshwa mmoja wa mikataba ya namna hiyo: kampuni ya vijana, mkopo unaogeuka hisa, na nyuma yake kiambatisho kinachotaja shamba la ukoo. Hebu tafakari. Kampuni yenye dhima ya kikomo ilibuniwa ili biashara ikifa, nyumba ya mtu isife nayo. Mwenye hati geuzi anadai faida za mwanahisa, hisa kwa bei ya chini kampuni ikipanda. Kisha kampuni ikianguka anadai usalama wa benki, ardhi ya mzee. Haiwezekani kuwa mwanahisa asubuhi na benki jioni. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuwekwa rehani, na ninawaambia wake na waume wa Upadhola: ikija karatasi hii, msitoe ridhaa. Mwenzio akikasirika leo atakushukuru mihogo ikishuka bei.

Kuna mtego mmoja zaidi, mdogo kwa maandishi lakini mkubwa kwa madhara, na hata mawakili wengi wanaupita bila kuuona. Turudi kwenye ile hali nzuri: mgeni amekuja, ameweka dola 250,000 kwa dola moja kwa hisa, amepata hisa 250,000. Wageni wa namna hii hawachukui hisa za kawaida. Wanachukua hisa za upendeleo, zenye sharti kwamba kampuni ikiuzwa wao wanarudishiwa kwanza walicholipa kwa kila hisa, dola moja. Na hati geuzi nyingi zinasema tu kwamba mkopo utageuka kuwa hisa "za aina ile ile" atakazopata mgeni. Mkopeshaji wetu anapata hisa 174,000 za aina ile ile, na kila moja ina haki ya kurudishiwa dola moja, ingawa yeye aliilipia senti 40. Alitoa dola 60,000, deni likafika 69,600, na sasa mbele ya foleni ana haki ya dola 174,000.

Mwaka mmoja baadaye mpaka unavurugika, vijana wanachoka, anatokea mnunuzi wa kampuni yote kwa dola 424,000. Si haba kwa biashara iliyoanzia kwenye ghala la kukodi. Mgeni anachukua 250,000 zake. Mwenye hati anachukua 174,000 zake. Jumlisha mwenyewe. Waanzilishi wenye hisa 1,000,000, asilimia 70 ya kampuni, wanarudi Mulanda mikono mitupu. Na dawa yake ni sentensi moja tu: mkopo ugeuke kuwa tabaka dogo la hisa za upendeleo ambalo haki ya kurudishiwa ni ile bei aliyolipa mkopeshaji mwenyewe, senti 40. Hapo angechukua 69,600, na vijana wangegawana dola 104,400. Sentensi moja ina thamani ya zaidi ya dola laki moja, na haimo, kwa sababu aliyeandika mkataba hakuwa wakili wao.

Hati zikirundikana, ndiyo balaa. Vijana wanachukua ya kwanza, fedha zinaisha, wanachukua ya pili kwa kikomo kingine, kisha ya tatu. Hakuna hisa hata moja iliyotolewa, kwa hiyo wanaamini bado wanamiliki kampuni yote. Mwaka 2018 Y Combinator walibadilisha mkataba wao wa SAFE ili kikomo kihesabiwe baada ya fedha za mikataba hiyo kuingizwa, na hapo angalau hesabu inafanyika kwa kidole: dola 60,000 kwa kikomo cha 400,000 ni asilimia 15, dola 40,000 kwa kikomo cha 500,000 ni asilimia 8, jumla asilimia 23 zimeshakwenda. Kwa kikomo cha zamani, kinachohesabiwa kabla, asilimia hizo zinategemeana zote, na jibu linajulikana siku mgeni anapofungua jedwali lake la hisa. Ukiona mwanzilishi ana hati tatu na hawezi kukuambia amebakiwa na asilimia ngapi, huyo ameshauza asichokijua.

Nasikia tayari kelele. "Unafukuza wawekezaji." "Tukikataa watakwenda Kisumu, watakwenda Mbale." Waende. Fedha inayohitaji mwanzilishi asielewe alichouza si fedha ya kujengea kitu. Wala sisemi kila mkopeshaji ni mwizi. Mtu anayeweka dola 60,000 kwenye kampuni ya vijana wawili huku mpakani anajitia kwenye hatari kubwa, kampuni nyingi za namna hii zinakufa, na anastahili bei nzuri. Mpeni bei nzuri. Senti 40 huenda ni nyingi. Huenda senti 30 ndiyo haki yake. Ninachokataa ni apewe bei nzuri, kisha punguzo, kisha riba, kisha tarehe ya kuiva, kisha dola, kisha ardhi, na bado aitwe mshirika.

Kwa hiyo nawaambia vijana mnaopanga biashara kati ya Mulanda, Tororo na Busia: mkipewa hati geuzi, jambo la kwanza ni kukigawanya kikomo kwa hisa zenu na kuandika bei kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza. Kisha mwambieni mwenye fedha, "Kwa bei hii hii, nunua hisa leo." Akikubali, mmeokoa riba, mmeokoa tarehe, na mna mwanahisa anayelala macho pamoja nanyi mpaka ukifungwa. Kazi ya wakili itakuwa kuandaa maazimio ya kampuni, mkataba mfupi wa wanahisa na kuandikisha hisa mpya kwa msajili. Hiyo si gharama ya kuua kampuni.

Akikataa, muulizeni kwa nini bei anayoiona ya haki kwenye hati si ya haki kwenye hisa. Hatakuwa na jibu ila moja: anataka mlango wa nyuma. Hapo mnajua mnazungumza na nani. Kama hamna budi, basi masharti yenu yawe haya. Hakuna tarehe ya kuiva, au tarehe ikifika mkopo ugeuke wenyewe kuwa hisa za kawaida kwa bei ya kikomo, bila mtu kudai taslimu. Awe na kikomo au punguzo, si vyote viwili. Kikomo kihesabiwe baada ya fedha kuingia, ili asilimia ijulikane leo. Haki ya kurudishiwa iwe kwa bei aliyolipa. Kama riba lazima iwepo, ihesabiwe kwa fedha mnayouzia. Na dhamana binafsi isizungumzwe kabisa. Mtu akiitaja, kikao kimekwisha.

Na ninyi walimu wa ujasiriamali mnaozunguka huku na slaidi za Kalifornia, mnaowapigia vijana makofi wakishika hundi ya karatasi kubwa mbele ya kamera: wafundisheni kugawanya kabla ya kuwafundisha kutabasamu. Mkishindwa, msishangae baada ya miaka miwili mkikuta ghala limefungwa na mwanzilishi wenu mpendwa anawakwepa wadai kwa njia za panya.

Mwenye dola 60,000 na imani na mihogo ya Mulanda, karibu. Sema bei leo, lipa, chukua hisa zako, tukipata upate, tukipoteza upoteze. Usiyeweza kusema bei, sema wewe ni mkopeshaji. Hapo tutajadili riba yako, tutakulipa kidogo kidogo kwa mauzo ya kila msimu, na ukishamaliza kulipwa hutadai hata hisa moja. Njia zote mbili ni halali na zote zina heshima. Ile ya tatu, ya kuwa mwanahisa tukipanda na mdai tukianguka, tumeshaielewa, na hatuitii saini tena.